Daraja la Saba na Jalada la Mkandarasi Mdogo

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi na walimu wanaohudumu katika kamati za ujenzi)



Shule inapotaka kujenga madarasa matatu na ofisi ya mwalimu mkuu kwa njia ya mkandarasi, karatasi ya kwanza inayowekwa mezani ni hati ya usajili kutoka Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Wajumbe wengi huitazama hati hiyo kama mtu atazamavyo picha ya harusi. Wakiona jina, mhuri na nambari, huridhika na kupita. Kumbe hati ile ina mambo ya kusomwa, na nyuma yake kuna jalada zima ambalo mkandarasi mdogo amelihangaikia kwa miezi.

Bodi hiyo iliundwa kwa Sheria Nambari 17 ya mwaka 1997. Kabla ya hapo makandarasi wa majengo waliandikishwa na bodi moja iliyowajumuisha pia wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, chini ya sheria ya mwaka 1972. Sheria ya 1997 iliwapa makandarasi chombo chao wenyewe. Makandarasi wa majengo, kama wenzao wa kazi za barabara na madaraja, wa umeme na wa mitambo, hupangwa katika madaraja saba. Daraja la kwanza halina ukomo wa thamani ya kazi. La saba ndilo la chini, na ndilo mlango wanaoingilia mafundi wengi. Kila daraja lililo chini ya la kwanza lina kikomo cha fedha kwa mkataba mmoja, na kikomo hicho hubadilishwa mara kwa mara, hivyo ni vema kamati ikapata orodha ya sasa badala ya kutegemea kumbukumbu za mradi uliopita.

Tuseme yuko fundi mwashi mmoja katika mkoa wa Iringa. Amejenga nyumba za watu kwa miaka kumi na miwili, na kazi yake inajulikana. Ana jina la biashara aliloliandikisha, ana nambari yake ya mlipa kodi, ana mashine ya kuchanganya zege, mashine ya kushindilia zege, matoroli, mbao za kusukia na gari dogo la mizigo. Anataka daraja la saba la majengo. Kwa mtazamo wa kijijini, mtu huyu amekamilika. Kwa mtazamo wa jalada, hajaanza.

Fundi huyo na mwenzake, ambaye ni fundi sanifu wa majengo, waliunda kampuni na kuiandikisha kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Hapo ndipo matatizo yalipozaliwa, ingawa hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Haiwezi kutumia nambari ya kodi ya fundi, wala haimiliki koroboi iliyo nyumbani kwake. Alipopeleka maombi, vielelezo vya vifaa vilionyesha stakabadhi ya mashine ya zege yenye jina lake binafsi, na kadi ya gari yenye jina la mtu aliyemwuzia gari hilo miaka mitano nyuma. Gari lilikuwapo, linatembea, lina matairi mapya. Lakini Bodi haiulizi kama gari linatembea tu; inauliza gari ni la nani.

Dawa yake ilikuwa ya hatua mbili. Kwanza alihamisha kadi ya gari katika Mamlaka ya Mapato, kutoka kwa yule mwuzaji wa zamani hadi jina la kampuni, jambo lililomlazimu kumtafuta mwuzaji huyo aliyekwisha hamia mkoa mwingine. Pili, kwa mashine za zege, iliandikwa hati ya mauziano kati yake na kampuni, ikambatanishwa na stakabadhi za asili. Stakabadhi ya mashine moja ilikuwa imepotea. Anayenunua kifaa leo na akakusudia kuwa mkandarasi kesho afadhali aitunze stakabadhi kama anavyoitunza hati ya kiwanja.

Kisha likaja suala la kodi. Kampuni ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, na haikuwa imepata kazi hata moja. Fundi aliamini kuwa asiye na mapato hana la kuiambia Mamlaka. Hili ndilo kosa linalowakwaza wengi kuliko yote. Kampuni, hata isiyopata senti, hutakiwa kutoa makadirio ya kodi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka wake wa hesabu, na ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka huo kwisha. Ukimya huzaa adhabu, na palipo na adhabu isiyolipwa hati ya kuthibitisha kwamba mlipa kodi hana deni haipatikani. Nambari yake binafsi ilikuwa safi kabisa, ila haikumsaidia kitu, kwa kuwa mwombaji alikuwa kampuni. Aliwasilisha ritani zilizochelewa, akalipa adhabu, ndipo mlango ukafunguka.

Linabaki lile la mkurugenzi wa ufundi, nalo linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, maana hapo ndipo udanganyifu hupenda kujificha. Kampuni hupewa daraja kwa sababu ndani yake yumo mtu mwenye elimu ya ufundi inayokubaliwa, na kadiri daraja linavyopanda ndivyo elimu hiyo inavyotakiwa kuwa kubwa. Mtu huyo ni mkurugenzi wa kampuni yenyewe. Katika mfano huu alikuwa mwenzake wa kweli, anayeshika kipimo cha maji kila asubuhi. Lakini wapo wanaoazima cheti cha mtu aliyeajiriwa kwingine, wakamlipa kidogo kila mwaka, na mtu huyo hajapata kuona msingi hata mmoja wa kampuni hiyo. Naye akijitoa, kampuni imepoteza ule mguu uliokuwa umeisimamisha, hata kama hati bado inaning'inia ukutani.

Kamati ya shule inaweza kulitambua jambo hilo bila kuwa na mhandisi. Katika zabuni kamati ihakikishe kwamba aina ya usajili ni ya majengo, kwani mkandarasi wa barabara si mkandarasi wa madarasa. Kwamba bei aliyoiomba haizidi kikomo cha daraja lake. Kwamba ada ya mwaka huu imelipwa, kwa kuwa asiyelipa huweza kufutwa. Na kwamba jina la kampuni ni lile lile, herufi kwa herufi, katika hati ya Bodi, leseni ya biashara na karatasi za kodi. Mashaka yakizidi, Bodi huulizwa moja kwa moja. Na mkataba ukishatolewa, kabla ya kuchimba msingi mradi wenyewe uandikishwe katika Bodi na bango liwekwe.

Zaidi ya hayo, siku ya kukabidhi eneo, kamati imwite mkurugenzi wa ufundi aliyetajwa kwenye jalada, si msimamizi wala binamu wa mwenye kampuni. Apewe michoro, aoneshe mahali linta inapopita, aeleze zege la uwiano wa moja kwa mbili kwa nne litapimwa kwa chombo gani pale uwanjani. Yule wa Iringa alileta sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe, lenye ujazo sawa na mfuko mmoja wa saruji, akaliweka chini mbele ya wajumbe.