Sebule Moja, Wapangaji Wawili

*Mazungumzo kwa wapangaji wanaoishi nyumba moja*



Watu wawili wanaochangia nyumba hutujia mara nyingi siku ya kuhama, na ni nadra sana kutujia siku ya kuhamia. Siku ya kuhama ndipo hesabu inapofanywa, na ndipo kila mmoja anapogundua kwamba mwenzake alikuwa na hesabu nyingine kichwani. Leo tungependa kuzungumzia hesabu moja tu kati ya hizo: ile ya sebule, yaani chumba ambacho ni cha wote na si cha yeyote.

Tuchukue mfano wa wafanyakazi wawili waliopanga nyumba ya vyumba viwili jijini Dar es Salaam. Tutawaita mpangaji wa chumba cha mbele na mpangaji wa chumba cha nyuma. Mkataba uliandikwa kwa jina la wa mbele peke yake, naye ndiye aliyetoa amana. Baada ya miezi michache, wa nyuma aliipaka sebule yote rangi ya kijani iliyokolea, mwenzake akiwa safarini. Aliporudi hakuipenda, lakini alinyamaza ili kulinda ujirani mwema. Mwaka ulipopita wa nyuma alihama. Muda si mrefu na wa mbele naye akaondoka, na mwenye nyumba akakata gharama ya kurudisha rangi nyeupe kutoka katika amana yake. Mwenye nyumba alimjua aliyetia saini. Rangi ilikuwa ya nani, hilo halikumhusu. Aliyepaka naye alijibu kwamba hakukatazwa. Hapakuwa na hata mstari mmoja wa maandishi wa kuwaamua.

Kosa la kwanza hapo lilikuwa kudhani kwamba rangi ina bei moja. Rangi ya nyumba ya kupanga ina bei mbili: ya kupaka na ya kurudisha. Hebu tuzipime. Sebule yao ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.5, na kuta zake zina kimo cha mita 2.8. Ukizunguka kuta zote unapata mita 15. Ukizidisha kwa kimo unapata mita za mraba 42. Toa milango miwili na dirisha, zinabaki kama 36. Kwa kawaida lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, iwapo ukuta ni laini. Ukuta wenye chengachenga hunywa zaidi. Kwa mikono miwili zitahitajika lita 7 na kidogo, yaani makopo mawili ya lita 4.

Hiyo ndiyo bei ya kwenda. Sasa tazama ya kurudi. Nyeupe haifuniki kijani kilichokolea kwa mikono miwili. Aghalabu hutaka mitatu, pengine zaidi. Mikono mitatu kwa mita za mraba 36 ni karibu lita 11, yaani makopo matatu, pamoja na ujira wa fundi. Kumbe kurudisha ni ghali kuliko kupaka, na ndilo lile deni ambalo hakuna aliyelitaja.

Laiti wangekaa chini kwanza, wangeona njia ya kati. Anayependa kijani angepewa ukuta mmoja, ule wa mita 4 ulio nyuma ya makochi, na kuta nyingine zikabaki nyeupe. Ukuta huo una mita za mraba 11 na kidogo. Kopo moja la lita 4 hutosha kuupaka, na kopo moja la nyeupe hutosha kuurudisha. Mmoja anapata rangi yake, mwingine anabaki na chumba chenye mwanga, na gharama ya kurudi inashuka kutoka makopo matatu hadi moja.

Kabla ya kununua kopo lolote, hata hivyo, mwulizeni mwenye nyumba, na jibu lake lipatikane kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Kisha upimeni ukuta wenyewe. Pitisheni kiganja: kikitoka na unga mweupe, hapo juu pana chokaa au rangi iliyochakaa, na rangi mpya itabanduka pamoja nayo msipokwangua na kupiga msasa. Palipo na dalili ya unyevu, bandikeni kipande cha nailoni, mkizibe kingo zote kwa gundi, mkiache siku moja au mbili. Matone yakionekana upande wa ndani, unaogusa ukuta, basi maji yanatoka ukutani. Hilo ni tatizo la nyumba, na mwenye nyumba anapaswa kuelezwa kabla ninyi hamjapaka. Mkipaka kwanza, malengelenge yatakayotokea yataonekana kuwa ni kazi yenu mbaya.

Jambo la pili ni vyombo. Rangi haihamishiki, kwa hiyo gharama zake mbili zinafaa kugawanywa, ama zibebwe na aliyeitaka. Makochi, meza na mapazia huhamishika, na ushauri wetu ni kwamba kila chombo kiwe na mwenyewe mmoja. Mmoja anunue makochi, mwingine anunue meza na mapazia. Siku ya kuhama kila mtu hubeba chake. Mkilazimika kununua kwa pamoja, kubalianeni mapema jinsi thamani itakavyopungua. Tuseme makochi yamegharimu shilingi 600,000, kila mmoja akatoa 300,000, na mmekubaliana kupunguza moja ya tano ya bei ya kununulia kila mwaka. Baada ya miaka miwili thamani ni 360,000. Anayebaki nayo humpa anayeondoka 180,000, na maneno yanaishia hapo.

Jambo la tatu ni kanuni za matumizi. Wengi huandika kwamba “usafi uzingatiwe” au “wageni wasizidi”. Hayo ni matumaini, bado si kanuni. Kanuni humtaja mtu, tendo na wakati: wa mbele atapiga deki sebule Jumamosi, wa nyuma Jumatano, mgeni wa kulala atatajwa siku moja kabla, wala hatalala sebuleni zaidi ya siku mbili mfululizo, msumari hautapigwa ukutani bila wote wawili kukubali. Kipimo chake ni rahisi: je, mtu wa tatu akiingia leo, anaweza kusema kama kanuni imefuatwa? Kama hawezi, iandikeni upya. Kanuni zisizidi tano au sita, na mzipitie tena kila mnapolipa kodi ya kipindi kipya, maana kanuni isiyopitiwa hugeuka kuwa kinyongo.

Mapatano haya hayahitaji karatasi zaidi ya moja. Andikeni hali ya kuta siku mliyoingia, pamoja na picha zenye tarehe. Nani alitoa kiasi gani cha amana. Rangi ipi imekubaliwa na nani atairudisha. Kila chombo ni cha nani. Na kanuni zenu chache. Tieni saini nyote wawili, kila mmoja abaki na nakala.

Wako watakaoona haya kuandikiana na rafiki. Sisi tunawaomba wakumbuke yule wa chumba cha mbele: alinyamaza ili asimuudhi mwenzake, na mwishowe akapoteza fedha na mwenzake pia.