Kusoma Ripoti ya Ukaguzi wa Usalama Kazini: Tarehe, Makosa na Marekebisho

Maelezo yaliyotolewa Kachibora kwa wenye vinu vya kusaga nafaka, maghala na karakana, pamoja na wafanyakazi wao

Najua wengine mmefunga vinu ili muwe hapa, kwa hivyo sitawachelewesha.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Kinu kimoja, ambacho sitakitaja, kilikuwa na ripoti ya ukaguzi ndani ya droo ya meza, safi kabisa, haijakunjwa hata kona. Nikamuuliza mwenyewe ilisema nini. Akajibu, "Ilisema tuko sawa." Nikaisoma. Kweli, ukurasa wa kwanza ulisema hali ya jumla inaridhisha. Ukurasa wa sita ulisema mkanda wa mota unazunguka bila kinga. Tulipokuwa tukizungumza, mkanda huo ulikuwa nyuma yetu, bado uko wazi, na kijana alikuwa akipita kando yake na gunia begani.

Mwenye kinu hakudanganya. Aliisoma ripoti kama mtu anavyosoma barua, kuanzia juu, akafika kwenye salamu nzuri akatulia. Ripoti ya ukaguzi haisomwi hivyo. Tunaisoma kwa kutafuta vitu vitatu, yaani tarehe, makosa yaliyoonekana, na kile kinachotakiwa kufanywa, kisha tunavihamishia kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Leo tutaijaza karatasi hiyo pamoja.

Kwanza tuelewe ripoti inatoka wapi. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, mahali pa kazi panatakiwa kufanyiwa ukaguzi kamili wa usalama angalau mara moja kila miezi 12, na mshauri wa usalama aliyesajiliwa. Ripoti anapewa mwenye mahali, na nakala hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Zaidi ya hapo, afisa wa Kurugenzi hiyo anaweza kuja kukagua mwenyewe. Akiona sheria imevunjwa anaweza kutoa notisi ya marekebisho, ambayo hutaja kosa na muda wa kulirekebisha. Akiona hatari kubwa ya mtu kuumia, anaweza kutoa notisi ya marufuku, na kazi hiyo husimama mpaka hatari iondolewe. Notisi hizi mbili mara nyingi huja zimeambatishwa nyuma ya ripoti, na hapo ndipo watu wengi hawafiki.

Sasa tuchukue ripoti ya mfano. Nimeitunga mimi, msijaribu kukisia ni ya nani. Ni ya kinu chenye mashine tatu na ghala la mahindi nyuma yake.

Tuanze na tarehe. Ukurasa wa kwanza unasema ukaguzi ulifanyika tarehe 4 Machi 2025. Chini, afisa ametia sahihi tarehe 18 Machi. Ripoti na notisi vilifika mkononi mwa mwenye kinu tarehe 27 Machi. Ndani ya notisi kuna maneno haya: "ndani ya siku 30 tangu kupokea notisi hii." Je, mwisho wa muda ni lini?

Ukihesabu kutoka siku ya ukaguzi utapata tarehe 3 Aprili. Ukihesabu kutoka siku ya sahihi utapata 17 Aprili. Ukifuata maneno yalivyo, unahesabu kutoka siku ulipopokea, na unapata 26 Aprili. Hizo ni tarehe tatu, na karani aliyeandika ya kwanza amemharakisha bosi wake bure, wala si vibaya sana. Ubaya huja pale notisi inaposema "tangu siku ya ukaguzi" na wewe ukahesabu kutoka siku uliyoipokea. Hapo utakuwa umepita muda huku ukidhani bado una wiki tatu. Kwa hivyo andika maneno yenyewe ya notisi kwanza, ndipo uandike tarehe uliyoihesabu kando yake. Mtu mwingine akisoma ataweza kukagua hesabu yako. Na tarehe 26 Aprili 2025 ilikuwa Jumamosi, kwa hivyo ukihitaji fundi na risiti, lenga Ijumaa.

Bahasha iliyoleta barua, au kitabu ulichotia sahihi, usitupe. Siku ya kupokea haiko ndani ya ripoti. Ni wewe tu unayeijua.

Tuje kwa makosa. Nitasoma aya moja ya ripoti yetu polepole. "Wakati wa ukaguzi, mkanda unaounganisha mota na kinu nambari 2 ulikuwa ukizunguka bila kinga. Mfanyakazi mmoja alionekana akifagia unga chini ya mkanda huo mashine ikiwa inafanya kazi. Msimamizi alieleza kuwa kinga iliondolewa mwezi Januari wakati wa kubadilisha mkanda. Kinga irudishwe, na utaratibu wa kuzima na kufunga swichi kabla ya kusafisha uandikwe na ufundishwe kwa wafanyakazi wote."

Ukiniuliza aya hii ina makosa mangapi, wengi mtasema moja, mkanda hauna kinga. Ni mawili. La pili ni kusafisha mashine ikizunguka, na hilo halitibiwi na kinga peke yake, kwa sababu kinga huondolewa tena mkanda ukichakaa. Kila kosa lipate mstari wake kwenye daftari.

Angalieni pia sentensi ya msimamizi. Si kosa, ni maelezo. Afisa hakuona kinga ikiondolewa Januari, aliambiwa. Tunayaandika kama maelezo ya msimamizi, na ule mwezi wa Januari hauingii kwenye safu ya tarehe za kutimiza. Nimeona daftari moja ambapo karani aliandika Januari kuwa mwisho wa muda. Alipoona muda umepita, akaweka alama kwamba kazi imekwisha.

Na mambo ya kufanya ni mangapi? Kinga irudishwe, hilo ni moja. Utaratibu uandikwe, la pili. Wafanyakazi wafundishwe, la tatu. Yamebanwa ndani ya sentensi moja kwa neno "na". Ukiyaandika kwenye mstari mmoja, siku kinga itakapofungwa mtu atatia alama ya tiki, na yale mawili yatasahaulika chini ya tiki hiyo. Kila mahali unapoona "na", "pia" au "vilevile" katika sentensi ya kuagiza, simama uhesabu.

Aya ya pili ni fupi. Inasema kizima moto cha ghalani kina kibandiko cha kuhudumiwa cha Novemba 2023, na kwamba vizima moto vyote vihudumiwe. Novemba 2023 ni tarehe ya kosa, inaonyesha tu kimekaa bila kuguswa muda gani. Mwisho wa muda je? Haukutajwa, na wala kosa hili halimo kwenye notisi. Hapa kuna kishawishi cha kuandika siku 30, kwa kuwa mkanda ulipewa siku 30. Msifanye hivyo. Andikeni "haukutajwa", kisha mwenye kinu amwulize afisa au aweke tarehe yake mwenyewe, na iandikwe wazi kuwa ni yake. Angalieni pia kosa ni la kizima moto kimoja lakini agizo ni la vyote. Fundi akija ahudumie vile vya ghala na vya kinuni.

La tatu ndilo linanikosesha usingizi. Muhtasari wa ripoti, ule wa ukurasa wa kwanza, unasema kinu nambari 2 kina nyaya za umeme zilizo wazi. Ukurasa wa saba unasema ni kinu nambari 3. Notisi ya marufuku iliyoambatishwa nyuma inasema kinu nambari 3 kisiendeshwe. Mnafanya nini? Andikeni yote mawili pamoja na nambari za kurasa, msichague kimyakimya. Mpigieni afisa siku hiyo hiyo. Na wakati mnangoja jibu, kinu nambari 3 kimezimwa kwa sababu notisi imekitaja, na nambari 2 hakiguswi mpaka fundi wa umeme aliyeidhinishwa akitazame. Kusimamisha vinu viwili wakati watu wamepanga foleni na madebe ya mahindi si jambo dogo, naelewa. Lakini vumbi la unga linashika moto, na waya ulio wazi ukitoa cheche kwenye vumbi hilo, foleni ndiyo iliyo karibu zaidi.

Kwenye safu ya tarehe, marufuku haina siku 30. Tunaandika "tangu sasa". Nafasi ya pili tunaiacha tupu mpaka afisa aiondoe marufuku kwa maandishi. Fundi akisema amemaliza, hiyo ni tarehe ya kazi ya fundi. Si ruhusa ya kuwasha.

Safu ya mwisho ya daftari ni uthibitisho. Kwa kinga, picha yenye tarehe ikionyesha imefungwa kwa bolti. Nasema bolti kwa sababu nimeona kinga zilizofungwa kwa kamba ya katani, na siku ya pili zinatumika kufunika debe. Kwa mafunzo, majina na sahihi za waliofundishwa. Kwa vizima moto, risiti na vibandiko vipya. Mstari usio na uthibitisho haujafungwa, hata kama kila mtu anakumbuka kazi ilifanyika.

Mama mmoja pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza kama kinu cha watu wanne kinahitaji kamati. Sheria inadai kamati ya usalama pale penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kwa watu wanne, ukurasa huu mmoja unatosha, ilimradi wote wanne wameusomewa. Anayefagia chini ya mkanda ndiye awe wa kwanza, na kama hasomi, mwonyesheni mashine yenyewe mkiwa mmeizima.

Na ripoti ya mwaka jana mnayo nyumbani? Itoeni droo leo jioni, muiweke kando ya hii mpya. Kosa likiwa limo ndani ya zote mbili, andikeni kwenye daftari tarehe lilipoonekana mara ya kwanza, kwa sababu mkaguzi ajaye atafanya hivyo hivyo. Nimekuja na nakala za ripoti ya mfano na karatasi zenye mistari. Chukueni mbili mbili, tujaze ukurasa wa nane pamoja kabla mvua haijaanza.