Risiti ya Saa Saba Usiku Ihesabiwe Siku Gani?

Nakala ya mazungumzo kuhusu saa za mashine za ushuru na ripoti za siku



Malori ya nazi, machungwa na mihogo yanayotoka upande wa Lunga Lunga na Msambweni hayangoji jua. Huondoka usiku ili yavuke Likoni mapema, na mzigo ufike Kongowea soko likiwa bado linafunguliwa. Njiani mwenye mzigo hulipa ushuru wa mazao, ule wengi wanaouita sesi, na siku hizi hulipa kwa simu kisha mashine ndogo ya mkononi humtolea risiti.

Uchukuliwe mfano wa lori moja. Limelipiwa Msambweni saa saba na dakika 20 usiku, usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 1 Julai 2025. Mashine imeandika 01:20. Kulipokucha lori linasimamishwa Ukunda, na mkaguzi anatafuta malipo hayo kwenye simu yake. Simu inamwambia yalilipwa tarehe 30 Juni. Kwake hiyo ni risiti ya jana, na lori linatakiwa kulipa upya. Dereva anaapa kwamba pesa zilimtoka usiku uleule, na ni kweli. Mkaguzi naye anasoma kilichoandikwa. Hakuna mwongo hapo.

Kilichotokea ni hiki. Sheria ya Kenya inaweka saa ya nchi kuwa mbele ya saa ya Grinichi kwa muda wa saa tatu. Kompyuta kubwa inayopokea malipo, yaani seva, mara nyingi ni ya kukodi na huenda iko Ulaya au Afrika Kusini, nayo kwa kawaida huhesabu kwa saa moja ya dunia nzima, ile inayoonekana kwenye skrini kama UTC. Kwa hesabu hiyo, saa saba na dakika 20 usiku ya Msambweni bado ni 22:20 ya tarehe 30 Juni. Ripoti ikikatwa kwa tarehe ya seva, kila kinacholipwa Kwale kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku hurudi nyuma siku moja. Na usiku huu si usiku wowote: mwaka wa fedha wa serikali huisha 30 Juni. Ushuru wa lori hilo umeingia katika mwaka ambao umekwisha kufungwa, huku mkusanyaji wa Msambweni akiwa na daftari linalosema vingine.

Watu wengi wakisikia haya husema basi seva iwekwe saa ya Kenya, mambo yaishe. Dawa hiyo huponya ripoti moja na kuficha ugonjwa. Ugonjwa ni kuandika saa bila kusema ni saa ya wapi. Malipo ya M-Pesa, kwa mfano, hufika kwenye mfumo wa mpokeaji yakiwa na wakati ulioandikwa kama tarakimu tupu, `20250701012034`. Hiyo ni saa ya Kenya, lakini tarakimu zenyewe hazisemi hivyo. Mfumo ukizichukulia kuwa UTC, malipo ya saa saba usiku yataonekana ya saa kumi alfajiri.

Njia iliyo salama ni kila wakati kuwekwa akibani kwa UTC, pamoja na alama yake, kisha kugeuzwa kuwa saa ya Kenya pale tu mtu anapotaka kuisoma au ripoti inapokatwa. Jambo hili si geni kwa Waswahili. Simu ikionyesha 07:00, mkazi wa Gazi husema saa moja asubuhi bila kufikiri. Majina mawili, lakini wakati ni uleule. Kadhalika hizi mbili ni wakati mmoja:

```
2025-06-30T22:20:34Z
2025-07-01T01:20:34+03:00
```

Herufi `Z` maana yake ni UTC, na `+03:00` ni saa ya Kenya. Kusema haki, ukiandika ya pili hujakosea, kwa kuwa umetaja ni ya wapi. Ila kompyuta ikipanga maandishi ya aina mbili katika safu moja huweza kuyachanganya, ndiyo maana huchaguliwa moja.

Siku ya Kwale, basi, huanza saa sita usiku, ambayo ni 21:00 ya UTC ya tarehe iliyotangulia. Ripoti ya tarehe 1 Julai hukatwa hivi:

```sql
SELECT sum(kiasi) FROM risiti
WHERE wakati >= '2025-06-30 21:00:00+00'
  AND wakati <  '2025-07-01 21:00:00+00';
```

Mpaka wa mwisho umeandikwa "kabla ya", haukuandikwa "hadi 23:59:59". Malipo yaliyoingia ndani ya sekunde ile ya mwisho, yakiwa na sehemu ya sekunde juu yake, hayaonekani katika ripoti ya leo wala ya kesho.

Lipo kosa jingine ambalo UTC peke yake haliponyi, nalo huanzia mkononi mwa mtumiaji. Simu au tableti huhesabu UTC kimyakimya ndani yake. Saa inayoonekana ni hesabu hiyo iliyoongezewa tofauti ya nchi. Sasa tableti imenunuliwa Dubai, ambako wako mbele ya Kenya kwa saa moja. Mwenyewe akiwa Diani anaona saa tano na robo, hali ni saa nne na robo. Badala ya kubadilisha nchi kuwa Nairobi, anarudisha mshale nyuma kwa mkono. Kwa macho, saa imekuwa sawa. Ndani, UTC imekosewa saa nzima, na kila risiti itafika kwenye seva ikidai kutolewa saa moja kabla ya pesa kulipwa. Vifaa vya kazi viachwe vichukue saa na nchi kutoka kwa mtandao. (Walioko mpakani Lunga Lunga wasihofu simu ikishika mtandao wa Horohoro, Tanzania na Kenya zina saa moja.)

Mtu hujuaje ni kosa lipi? Aweke risiti kando ya ujumbe wa M-Pesa wa malipo yaleyale. Zikipishana kwa muda wa saa tatu kamili, au saa moja kamili, kuna mahali saa ya nchi moja imesomwa kama ya nchi nyingine, au imesogezwa kwa mkono. Zikipishana dakika saba au kumi na tatu, ni saa ya kifaa iliyopotea tu. Na zikipishana nusu siku, huenda mashine ilikaa pasipo na mtandao na ikaandikiwa saa ilipoupata. Kwa hiyo seva huhifadhi nyakati mbili, wa kutolewa risiti na wa kupokelewa.

Risiti za zamani hazirekebishwi kwa kuziongezea zote saa tatu, kwa sababu baadhi yake ziliandikwa sawa tangu mwanzo. Hurekebishwa kwa namba ya muamala wa M-Pesa, moja baada ya nyingine, na mwenye lori aliyetozwa mara mbili huihitaji namba hiyohiyo kuonyesha alilipa usiku gani.