Lita Moja Zaidi au Nusu Lita Pungufu: Kosa Lipi Injini Inaweza Kulivumilia

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya mafundi wa magari na wasimamizi wa usafirishaji



Nimeombwa nizungumzie kiwango cha oili ya injini. Kazi za oili tunazijua sote: inalainisha, inapoza, inasafisha, inaziba upenyo kati ya ringi na silinda. Stiki tunaijua pia, na alama zake mbili, F juu na L chini, au MAX na MIN. Sitakaa hapo. Niongeze jambo moja tu: alama ya chini haijawekwa pale hatari inapoanzia. Imewekwa mahali ambapo injini bado ina oili ya kutosha kufanya kazi, na maana yake ni kwamba muda wa kuongeza umefika. Katika injini nyingi za magari madogo, nafasi kati ya alama hizo mbili ni kama lita moja hadi moja na nusu. Gari ambalo oili yake iko katikati ya stiki limepungukiwa nusu lita au zaidi kidogo, na ni zima kabisa.

Tatizo lenyewe

Karakana nyingi bado zinaamini kwamba oili ikizidi ni akiba. Nimelipinga wazo hili kwa miaka mingi, na bado kila mara naliona galoni likimiminwa hadi tone la mwisho kwa sababu mteja amelilipia.

Oili inakaa ndani ya sampu, na juu yake krenki inazunguka. Gari likiwa mwendo wa safari, krenki inazunguka mara elfu mbili au tatu kwa dakika. Watengenezaji wameacha nafasi kati ya uso wa oili na vizani vya krenki. Ukiongeza lita nzima juu ya F, katika injini nyingi nafasi hiyo inapungua sana au inakwisha. Krenki inaanza kuipiga oili kama mtu apigavyo mayai kwa uma, na oili inajaa hewa. Pampu haichagui, inavuta povu pamoja na oili. Povu linabanwa, oili haibanwi; kwa hiyo pale kwenye metali za krenki na konrodi, utando unaotakiwa kutenganisha chuma na chuma unakuwa dhaifu. Ndiyo maana injini iliyojazwa kupita kiasi inaweza kuharibika kwa njia ileile ya injini iliyokosa oili, na fundi anayeifungua haelewi, kwa sababu sampu imejaa.

Madhara mengine huja taratibu. Ukungu wa oili hupitia vali ya kupumulia injini na kuingia kwenye njia ya hewa, plagi zikachafuka na moshi wa bluu ukaonekana. Sili zilizochoka huanza kuvuja, na ikiwa ni sili ya nyuma ya krenki, oili inaweza kufika kwenye klachi. Kwenye dizeli kuna hatari kubwa zaidi. Oili ikiingia kwa wingi kwenye njia ya hewa, injini huichoma kama mafuta, mzunguko hupanda, na kuzima swichi hakusaidii kwa sababu mafuta hayatoki tena kwenye pampu ya dizeli. Injini ya namna hiyo husimama ikizibwa hewa.

Nichukue mfano wa injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox na IST nyingi zilizoko barabarani kwetu. Ukibadilisha oili pamoja na filta, inachukua lita 3.7. Mteja analeta galoni la lita tano. Fundi anamimina lita nne, anawasha injini kidogo, anazima na kuchomoa stiki papo hapo. Oili nyingi bado iko juu, kwenye kamu na mifereji ya kichwa cha injini, haijashuka. Stiki inasoma chini ya F. Anamimina lita iliyobaki. Asubuhi gari limepoa, oili yote imeshuka, na kiwango kiko juu sana ya F: lita tano ukitoa 3.7, ziada ni lita 1.3. Kama gari lilimwagwa oili likiwa limeinama upande usio na nati, kuna oili ya zamani iliyobaki, na ziada ni kubwa zaidi. Kipimo kibaya cha dakika moja kimeleta haya yote.

Sasa upande wa pili. Oili iliyopungua hadi kugusa L inavumilika kwa safari ya kawaida, na dawa yake ni nusu lita unayoweza kuinunua njiani. Ikishuka chini ya L, uvumilivu unakwisha haraka, hasa kwenye kona kali, breki za ghafla au mlima mrefu kama Kitonga, ambapo oili hukimbilia upande mmoja na mdomo wa pampu ukabaki hewani. Pia oili pungufu haitulii hapo ilipo. Injini inayokula oili itaendelea kula, na uliyovumilia Jumatatu yaweza kuwa hatari Ijumaa. Wala taa nyekundu ya oili isitegemewe: katika magari mengi inapima shinikizo wala si kiwango, na ikiwaka unatakiwa kuzima injini mara moja.

Kwa hiyo, kati ya makosa haya mawili, pungufu kidogo ndani ya stiki ni salama zaidi kuliko lita moja ya ziada. Sizungumzii ziada ya milimita mbili juu ya F. Kitabu cha gari kinabaki kuwa mamlaka, na sitaki mada hii itumike kupingana nacho.

Mapendekezo

Napendekeza karakana ziache kupima kwa galoni. Kiasi kisomwe kwenye kitabu, kimiminwe kikiwa pungufu kwa nusu lita, injini iwashwe ili filta ijae, izimwe, isubiriwe dakika tano hadi kumi mahali tambarare, ndipo stiki isomwe na oili iongezwe kidogokidogo. Ikiwa katikati, iachwe hapo. Oili inayobaki ni ya mteja. Apewe, aende nayo kwenye buti.

Napendekeza gari lenye lita ya ziada lisiruhusiwe kutoka, hata dereva akisisitiza kwamba safari ni fupi. Nati ya sampu ilegezwe oili ikiwa vuguvugu, ziada ipokewe kwenye chombo chenye vipimo, au ifyonzwe kwa mpira mwembamba kupitia bomba la stiki. Kisha ipimwe upya. Oili iliyotolewa isimwagwe mtaroni.

Wasimamizi wa magari waandike kiwango kila wiki, asubuhi kabla ya kuwasha, na waandike pia kiasi kilichoongezwa. Bila daftari hilo hatuwezi kujua kama pungufu ni ya kuvumilia au injini imeanza kula oili. Narudia: kipimo kichukuliwe gari likiwa tambarare na oili ikiwa imeshuka. Ningeomba madereva wakatazwe kuongeza oili bila kuchomoa stiki, na mafundi wakatazwe kujaza galoni zima kwa ombi la mteja.

Mwisho, kiwango kikipanda bila mtu kuongeza oili, hilo si suala la kuvumilia hata kidogo. Harufu ya dizeli au petroli kwenye stiki ina maana kwamba mafuta yanashuka kwenye sampu. Rangi ya maziwa ina maana kwamba maji yameingia. Gari la namna hiyo lisiwashwe mpaka chanzo kijulikane.