RIBA YA BENKI KUU NA MADENI YETU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Wengi wetu tunauliza: bei za vitu zikipanda, kwa nini Benki Kuu huongeza riba na kumzidishia mzigo mwenye deni? Tutazame yaliyotokea hapa Kenya.

Mwezi wa Mei 2022 riba ya Benki Kuu ilikuwa 7 kwa mia, ikapandishwa hadi 7.5. Oktoba mwaka huo bei zilikuwa zimepanda kwa 9.6 kwa mia katika muda wa mwaka mmoja, na shabaha ya Serikali haizidi 7.5. Basi riba ikaendelea kupandishwa, hatua kwa hatua, hata ikafika 13 kwa mia Februari 2024.

Riba hiyo si ile tunayotozwa sisi. Ni kipimo cha gharama ya fedha ambazo mabenki hupata yanapopungukiwa. Fedha zikiwa ghali kwao, huwa ghali kwetu. Mwenye duka huahirisha kuongeza mali, mjenzi husimamisha ukuta, na mwenye akiba huiacha benki. Wanunuzi wakipungua, muuzaji hawezi kupandisha bei apendavyo. Lakini hayo huchukua miezi mingi, wala riba haileti mvua, wala haishushi bei ya petroli inayotoka ng'ambo.

Sasa tufanye hesabu. Mtu amekopa shilingi 1,000,000 za kulipwa kwa miezi 36. Kwa riba ya 13 kwa mia atalipa karibu shilingi 33,700 kila mwezi. Riba ikiwa 17, atalipa karibu 35,650. Tofauti ya mwezi ni kama 1,950, na kwa muda wote inapita 70,000. Wala si mkopaji mpya tu anayeumia. Aliyetia sahihi mkataba wa riba inayobadilika naye hupandishiwa. Pengine benki huacha malipo ya mwezi yalivyo na kurefusha muda: deni letu la miezi 36 hufika 39, na mwenyewe asijue.

Septemba 2024 kupanda kwa bei kulikuwa kumeshuka hadi 3.6 kwa mia. Benki Kuu ilikwisha anza kupunguza riba Agosti. Hata hivyo mabenki, yaliyopandisha upesi, yalishusha polepole, na Benki Kuu yenyewe ikayahimiza yapunguze.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kutia sahihi tuulize: riba hii ni ya kudumu au ni ya kubadilika? Imefungwa kwa kipimo gani? Ikibadilika, litakaloongezeka ni malipo ya mwezi au ni miezi? Na siku Benki Kuu inapotangaza kupunguza, twende benki na mkataba mkononi, tudai haki yetu kwa maandishi.