Picha ya Nguo na Ramani ya Nguo

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya michoro ya nguo.

Ukipita penye mafundi cherehani wa mji wa Morogoro, utaona ukutani picha kubwa za mitindo ya magauni na mashati. Mteja aliyeshuka kutoka Mgeta au Kinole husimama, hutazama, kisha hunyosha kidole na kusema, "Nishonee ile." Fundi hukubali. Lakini jambo moja halikuonekana na yeyote kati yao, nalo ni mgongo wa nguo. Je, gauni lile hufunguliwa nyuma au ubavuni? Picha haisemi, na fundi hana budi kubuni.

Basi jueni kwamba mchora mitindo ana michoro ya namna mbili, na kila mmoja una kazi yake. Wa kwanza ni picha ya mtindo. Hapo huchorwa mtu amevaa nguo, amesimama kwa madaha, na kitambaa kinapepea. Mtu huyo si wa kweli. Urefu wa mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu, yaani ukipima kichwa chake toka utosini mpaka kidevuni, kipimo kile huingia mara saba na nusu katika mwili wote. Mtu wa picha ya mitindo huchorwa kwa vichwa tisa, wakati mwingine kumi, na urefu ule wa ziada huwekwa zaidi miguuni. Kwa hiyo sketi inayofika magotini katika picha haikuambii ikatwe sentimeta ngapi. Picha hiyo huonyesha jinsi kitambaa kinavyoanguka mwilini, na hupendeza macho ya mnunuzi. Tusiidharau, ila tusiikatie kitambaa.

Mchoro wa pili ni mchoro bapa, nami nitauita ramani ya nguo. Huu hauna mtu ndani yake. Nguo huchorwa kana kwamba imetandazwa juu ya meza, mikono yake imefunguliwa kidogo, nawe unaitazama kutoka juu. Haina kivuli wala mapambo. Mstari mnene huonyesha ukingo wa nguo, mstari mwembamba huonyesha mahali vipande viwili vilipoungana, na mstari wa vikato vikato huonyesha uzi wa cherehani unaoonekana kwa nje.

Tuseme shule moja ya milimani yataka mashati 40 ya wavulana, meupe, ya mikono mifupi. Shati likitandazwa, kifua kina upana wa sentimeta 48, na urefu toka begani mpaka pindo ni sentimeta 64. Tukigawanya kwa 8, tutapata upana wa sentimeta 6 na urefu wa sentimeta 8. Hivyo upande wa mbele na upande wa nyuma vitakaa pamoja katika karatasi moja iliyolazwa, na nafasi itabaki ya vipimo.

Piga kwanza mstari mmoja wa kusimama katikati. Chora nusu tu ya shati: nusu ya shingo, bega, mkono, ubavu na pindo. Kisha kunja karatasi penye mstari ule, uinue kwenye kioo cha dirisha, na kufuatisha nusu ya pili. Kwa njia hiyo mabega hayatapishana. Lakini usitie mfuko kabla ya kukunja. Wanafunzi wengi hufanya hivyo, na shati hutoka na mifuko miwili.

Sasa tia ukosi, vifungo na mfuko. Hapa ndipo penye mtego. Mfuko wa shati hukaa upande wa kushoto wa mvaaji. Lakini katika mchoro wa mbele mvaaji anatuelekea, kwa hiyo kushoto kwake ni kuliani mwa karatasi. Katika mchoro wa nyuma ametupa mgongo, na kushoto kwake ni kushotoni mwa karatasi. Tena, shati la mvulana kwa desturi huwa na matundu ya vifungo upande wa kushoto wa mvaaji, na upande huo hulala juu ya wa kulia; la msichana huwa kinyume chake. Kwa sababu hiyo usiandike "kushoto" peke yake. Andika "kushoto kwa mvaaji." Mfuko ulioshonwa upande usio wake waweza kufumuliwa, ingawa alama za sindano zitabaki. Tundu la kifungo likikwisha kukatwa, halihami tena, na katika mashati 40 kosa hilo litarudiwa mara 40.

Tugeuze shati. Nyuma pana kipande cha mabegani, ambacho hupita juu ya mabega na kushuka kidogo mbele. Mstari wake wa mbele nao uchorwe katika mchoro wa mbele, na mistari hiyo ikubaliane. Chini ya kipande hicho, katikati ya mgongo, pana rinda. Rinda hilo si pambo. Mtoto anapoinua mikono kubeba mzigo au kukata majani, mgongo wa shati huvutika, na rinda hufunguka kumpa nafasi. Pasipo rinda, kitambaa hukaza, na mara nyingi hupasuka penye mshono wa mkono.

Rinda letu lina mikunjo miwili, kila mmoja wa kina cha sentimeta 2. Mkunjo wa sentimeta 2 hula kitambaa sentimeta 4, kwa kuwa kitambaa huenda na kurudi. Mikunjo miwili hula sentimeta 8. Basi kipande cha mgongo, pale juu penye rinda, kikatwe kwa upana uliozidi sentimeta 8 kuliko mgongo usio na rinda. Fundi aliyepewa mchoro wa mbele peke yake hawezi kulijua hilo, naye atakata mgongo mwembamba bila hatia yoyote.

Sehemu nyingine ni ndogo mno kuonekana katika mchoro uliogawanywa kwa 8. Mfuko wenye upana wa sentimeta 12 na urefu wa sentimeta 14 ungekuwa mdogo kama ukucha wa dole gumba. Kwa hiyo zungushia duara mahali penye mfuko, vuta mshale hadi pembeni, na uuchore mfuko upya kwa nusu ya ukubwa wake: sentimeta 6 kwa 7. Hapo utaonyesha kwamba mdomo wake umekunjwa sentimeta 2, na kwamba pembe za juu zimeshonwa mara mbili, maana huanza kuchanika hapo. Rinda nalo lichorwe pembeni kana kwamba unalitazama kutoka juu, ili mikunjo ionekane inakwenda upande gani.

Ukimaliza, weka rula juu ya michoro yako. Ubavu wa mbele upime sawa na ubavu wa nyuma, kwani hushonwa pamoja. Bega vilevile, na mdomo wa mkono. Ikiwa ubavu wa mbele ni sentimeta 5 na wa nyuma ni 5 na nusu, tofauti hiyo katika shati lenyewe ni sentimeta 4, na fundi atauliza lipi afuate. Halafu mpe mchoro mtu ambaye hukumweleza neno, na umwombe akuambie shati linafunguliwa wapi, lina mifuko mingapi, na nyuma lina nini. Akisita, tia mstari au neno lililokosekana kabla karatasi haijafika kwa fundi.