VIFUPISHO VYA KIITALIA KATIKA MAJIBU YA DAMU NA VYETI VYA DAWA
(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi)



Katika uwanda wa kati wa nchi yetu, kuanzia Dodoma hadi Itigi mkoani Singida, huduma za tiba zina uhusiano wa miaka mingi na Italia. Hospitali ya Mtakatifu Gaspari ya Itigi ilianzishwa na wamisionari wa Damu Azizi kutoka nchi hiyo. Kwa hiyo si jambo la ajabu mgonjwa aliyetibiwa Italia kufika mbele ya tabibu wetu akiwa na karatasi za Kiitalia. Kumbukumbu za hospitali zetu huandikwa kwa Kiingereza, na tabibu asiyejua Kiitalia humtegemea mfasiri.

Maneno marefu hayampi mfasiri shida kubwa, maana yamo katika kamusi. Shida imo katika vifupisho, na hasa vile vinavyofanana na vya Kiingereza lakini vina maana nyingine. Tuchukue mfano wa karatasi yenye mistari hii:

```
GB 12.400 /mm3
VES 38 mm/h
PCR 4,8 mg/dl (v.n. < 0,5)
Azotemia 45 mg/dl (v.n. 15-50)
Creatinina 0,9 mg/dl
```

Mistari miwili ya mwanzo ni myepesi. GB ni seli nyeupe za damu, ambazo kwa Kiingereza ni WBC. VES ni kasi ya kutuama kwa seli nyekundu, yaani ESR. Ila ieleweke kuwa nukta iliyomo katika 12.400 hutenga maelfu: ni seli elfu kumi na mbili na mia nne. Waitalia hutumia mkato pale ambapo sisi tunatumia nukta ya desimali.

Mstari wa tatu ndio mtego. Tangu maradhi ya korona ya mwaka 2020, kila mtu anaijua PCR kuwa ni kipimo cha kutafuta vinasaba vya kimelea. Katika karatasi ya Kiitalia, PCR ni protini ya damu inayopanda wakati wa uvimbe au maambukizo, na kwa Kiingereza ni CRP. Dalili ya kuitambua ni kipimio: kinapoandikwa mg/dl au mg/l, hiyo ni protini. Tena, maabara nyingi zinazotumia Kiingereza hutoa kipimo hiki kwa mg/l. Desilita kumi hufanya lita moja, hivyo 4,8 mg/dl ni 48 mg/l. Tabibu akisoma 4.8 bila ya kutazama kipimio, ataona mgonjwa karibu ni mzima, ilhali kiwango chake ni takriban mara kumi ya kikomo cha kawaida.

Mstari wa nne hutisha bila ya sababu. Kwa Kiingereza, neno hilo hutaja hali ya uchafu wa naitrojeni kuzidi katika damu. Kwa Kiitalia ni jina la kipimo tu, na kwa kawaida kinachopimwa ni yurea nzima. Tabibu aliyezoea kipimo cha naitrojeni ya yurea, yaani BUN, ambacho kawaida yake ni kama 7 hadi 20, akiona 45 atadhani figo zimeshindwa. Kumbe yurea hugawanywa kwa 2.14 ili kupata BUN, na jibu ni 21, yaani ukingoni tu mwa kawaida. Viwango vya 15-50 vilivyochapwa pembeni vinathibitisha kuwa ni yurea, na kreatinini ya 0.9 haionyeshi hitilafu ya figo.

Sasa tutazame cheti cha dawa:

```
Amoxicillina 1 g, 1 cpr x 2/die per 6 gg
```

Hapa cpr ni kidonge. Neno "die" limetoka Kilatini na maana yake ni kwa siku, ingawa msomaji wa Kiingereza huliona kuwa ni neno la kufa. Herufi gg ni siku, wala si gramu. Maana kamili ni: kidonge kimoja cha gramu moja, mara mbili kwa siku, kwa siku sita. Vilevile gtt ni matone, fl ni kichupa cha sindano, na e.v. ni dawa ya kupitia mshipa, yaani IV.

Mfasiri anatakiwa anakili kila mstari kama ulivyo, pamoja na kipimio na viwango vya kawaida, kisha aandike tafsiri pembeni. Akibadili kipimio, namba ya asili ibaki ikionekana. Kifupisho asichokuwa na hakika nacho akiwekee alama ya kuuliza, na maabara au daktari aliyekiandika aulizwe. Kusema mgonjwa anaumwa nini ni kazi ya tabibu.